Mradi umefeli, sasa mnakaaje kikao bila kumtoa mtu kafara (mwongozo kamili)

Mradi ukishafeli, kabla hata hamjakaa chini kuongea, jina la mtu fulani linakuwa tayari linazunguka kwenye meseji za watu, "si yule aliyeendesha ile kazi usiku", na kikao kikija kuitishwa kinakuwa cha kuthibitisha tu kile ambacho korido ilishaamua. Nimeongoza vikao vya namna hii mara nyingi na nataka niandike jinsi ninavyofanya, hatua kwa hatua, nikitumia mradi mmoja toka mwanzo hadi mwisho, maana ukieleza juu juu kila mtu anatikisa kichwa kukubali alafu siku ya kikao anarudi palepale kwenye "nani alifanya". Nimebadilisha vitu vidogo ili wahusika wasijulikane.

Mradi ulikuwa hivi. Kampuni ilikuwa inahamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya, akaunti 41,200. Wakajiandaa miezi saba, uhamisho ukapangwa usiku wa Jumamosi. Saa nane na nusu usiku kazi ikaisha, ripoti kwenye skrini ikasema makosa 0, watu wakapongezana wakaenda kulala. Jumatatu asubuhi simu za kastoma kea zikaanza kuita bila kupumua, wateja wanataka kulipa, mfumo unasema akaunti haipo. Akaunti 3,100 hazikuhama kabisa. Jumatano jioni wakarudi kwenye mfumo wa zamani, malipo ya siku tatu yakabidi yaingizwe upya kwa mkono, na wiki iliyofuata wakubwa wakausimamisha mradi wote. Jina lililokuwa linazunguka lilikuwa la dada wa data, maana yeye ndo aliyebonyeza kitufe usiku ule.

Kabla ya chochote, malizana na bosi

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoua kikao. Ukiwaambia watu "semeni kwa uhuru" wakati bosi hajafunga mdomo wake kwa maandishi, unawaweka kwenye mtego, na wao wanajua. Kwa hiyo mimi naenda kwa mkubwa mwenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza, namwomba atume yeye mwenyewe, kwa jina lake, maneno kama haya kwa timu nzima: kikao ni cha kuelewa kilichotokea, kitakachosemwa humo hakitatumika kwenye tathmini ya kazi, bonasi, barua ya onyo wala kupandishwa cheo. Akikataa kutuma, usifanye kikao. Nasema kwa dhati kabisa, bora msikutane kuliko mkutane watu waseme ukweli alafu miezi mitatu baadaye mtu aukute kwenye tathmini yake, hapo hamtapata ukweli tena miaka mingi.

Mipaka yake nayo itajwe wazi. Wizi, kughushi nyaraka, mtu kuharibu kitu kwa makusudi, hayo hayaingii kwenye kikao hiki, yana njia yake, na yakijitokeza katikati ya mazungumzo unasimamisha sehemu hiyo unaipeleka kunakohusika. Ukiacha mpaka huu bila kuutaja, atatokea mtu atauliza "kwa hiyo mtu akiiba hapa hana kosa?" na utapoteza nusu saa nzima.

Alafu nani aongoze. Asiwe mtu aliyefanya kazi kwenye mradi, asiwe bosi wa yeyote aliyekuwemo. Wenzetu wa usafiri wa anga walilijifunza hili kwa vitendo. Marekani, mwaka 1975, mamlaka ya anga ya FAA ilianzisha utaratibu wa marubani kuripoti matukio ya hatari, ila marubani wakasita, maana FAA huyohuyo ndo anayetoa adhabu na ndo anayeweza kukunyang'anya leseni. Mwaka 1976 kazi ya kupokea ripoti ikahamishiwa NASA, ambao hawana uwezo wa kumwadhibu rubani na wanaondoa majina kwenye ripoti kabla haijaenda popote, na utaratibu huo, ASRS, upo mpaka leo. Kwa hiyo tafuta NASA wenu, mtu wa idara nyingine anayeaminika, asiye na rungu mkononi.

Muda nao una uzito wake. Kesho yake ni mapema mno, watu hawajalala na wana hasira, na mwezi ukipita kila mtu anakuwa na hadithi yake aliyoipiga pasi. Mimi napenda kikao kiwe kati ya siku ya tano na ya kumi baada ya moto kuzimwa.

Hatua ya 1: jedwali la matukio, kabla hujaongea na mtu yeyote

Kusanya vitu vilivyoandikwa wakati ule ule: meseji za kundi, barua pepe, ripoti za kila wiki, matoleo yote ya mpango kazi (sio lile la mwisho tu), kumbukumbu za vikao, ripoti za mfumo wenyewe. Anza nyuma, siku mradi ulipopitishwa. Watu wengi wanaanza jedwali usiku wa ajali na hapo tayari umeshaamua kwamba mhusika ni aliyekuwepo usiku wa ajali.

Jedwali langu lina safu tatu: lini, nini kilitokea, na nani alikuwa anajua nini saa ile. Safu ya tatu ndo yenye kazi ngumu na ndo yenye faida. Humo huandiki unachokijua wewe leo, unaandika alichokuwa anakiona mtu wakati ule, kwenye skrini yake, na kama huna ushahidi unaacha wazi ili umuulize mwenyewe.

Kwenye mradi wetu jedwali lilitoa kitu ambacho juu juu kilikuwa kinanuka. Wiki tatu kabla ya uhamisho, mtu wa kastoma kea alimwandikia meneja wa mradi barua pepe kwamba "wateja wengine wana namba mbili za simu". Na sababu ya akaunti kugoma ndo hiyohiyo: mfumo wa zamani ulikubali namba mbili kwenye kisanduku kimoja, mfumo mpya unakubali namba moja tu, akaunti yenye mbili inakataliwa. Yaani meneja aliambiwa! Aliyenisaidia kukusanya nyaraka alipoiona akasema "tumempata". Sasa hapo ndo pa kujishika, maana mmehama tu kutoka kwa dada wa data kwenda kwa meneja, na hamjajifunza chochote.

Hatua ya 2: ongea na kila mmoja peke yake

Dakika 30 mpaka 45, wewe na yeye tu, kabla ya kikao kikubwa. Anayeona aibu hawezi kusema kitu kwa mara ya kwanza mbele ya watu kumi na wawili, ila akishakisema mara moja kwako, mara ya pili kinatoka. Na wale wanaobebeshwa lawama kwenye korido waone kwanza, mapema kabisa, wanakuwa wana hali mbaya kuliko wanavyoonyesha.

Maswali yenyewe ndo ufundi. "Kwa nini" liweke pembeni, kwa sauti yoyote utakayolisema, mtu aliyekosea analisikia kama mashtaka na anaanza kujitetea. Linganisha "kwa nini hukukagua akaunti zilizokataliwa?" na "saa nane na nusu, ulikuwa unaangalia nini kwenye skrini, na kilikuambia nini?" La kwanza lina jibu moja tu, "samahani". La pili lilinipa hivi, kwa maneno ya dada wa data mwenyewe: "Ripoti ilisema zilizopakiwa 38,100, makosa 0. Nikaona sifuri, nikapiga picha ya skrini nikatuma kwenye kundi."

Nikamuuliza, ulikuwa unategemea uone namba gani? Akasema kwenye mpango kazi hakukuwa na namba ya kutegemea, kuliandikwa tu "hakikisha ripoti haina makosa". Nikamwambia anionyeshe. Tukafungua ile ripoti pamoja. Mfumo mpya ulikuwa unahesabu kama kosa pale tu kazi inapokatika katikati, akaunti iliyokataliwa kwa sababu ya umbo la data haikuhesabiwa kosa, ilitupwa kwenye faili nyingine, kwenye folda nyingine, na hakuna mtu kwenye mradi aliyewahi kuambiwa faili hilo lipo. Unaona tofauti? Tungebaki na "hakukagua" tungemwandikia onyo, na mtu atakayefuata angesoma sifuri ileile.

Maswali mengine ninayoyatumia sana: "Ni kitu gani kilifanya hilo lionekane sahihi wakati ule?" "Kulikuwa na nini kingine mezani siku hiyo?" "Ungetaka kusimamisha kazi, ungemwambia nani?" "Kuna kitu ulikiona kinakusumbua ukaamua kunyamaza?" Hilo la mwisho liulize mwishoni alafu unyamaze wewe. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo ikibidi, usiwahi kumsaidia kujibu.

Meneja naye nikamuuliza kuhusu ile barua pepe, na sikumuuliza "uliiona?", nikamwambia tuifungue sote tuisome kama ilivyofika. Kichwa chake kilikuwa "Swali kuhusu fomu". Ilikuwa inahusu fomu ya karatasi ya wateja wapya, kama iachwe na nafasi ya namba mbili au moja, na sentensi ya wateja wenye namba mbili ilikuwa ya nne humo ndani. Meneja akajibu swali la fomu, vizuri tu, siku hiyohiyo. Hakuna mtu ambaye angeisoma ile barua akaona uhamisho wa data ndani yake, labda awe ameshajua kitakachotokea.

Alafu mtu wa majaribio akanipa kipande kikubwa kuliko vyote. Walifanya jaribio la uhamisho kwa akaunti 2,000 na zote zikapita. Nikamwomba anieleze walizipataje hizo 2,000. Mfumo wa zamani ukitoa data nyingi mchana ulikuwa unaganda, kila mtu anapiga kelele, kwa hiyo wakachukua zile zilizo rahisi kutoa, 2,000 za mwisho kuandikishwa. Na kisanduku cha namba mbili kilikuwa kimeshaondolewa kwenye usajili miaka miwili nyuma, kwa hiyo akaunti mpya zote zina namba moja. Jaribio lingerudiwa hata mara mia lingepita mara mia.

Hatua ya 3: kikao chenyewe

Dakika 90, saa mbili kamili zikizidi sana, baada ya hapo watu wanachoka na mchovu anatafuta jibu fupi, na jibu fupi siku zote ni jina la mtu. Waite waliogusa kazi kwa mikono. Yule wa kastoma kea aliyepokea simu Jumatatu ni wa muhimu kuliko mkurugenzi. Bosi mkubwa mimi namwomba aje dakika tano za mwanzo, arudie kwa mdomo wake alichoandika, alafu atoke. Akisisitiza kubaki, abaki kwa sharti la kutozungumza mpaka mwisho, na umwambie hilo faragha kabla, sio mbele za watu.

Nafungua kwa kusema wazi kanuni tunayofanyia kazi: kila mtu humu alifanya alichoona ni sahihi kwa kile alichokuwa anakijua, muda aliokuwa nao na zana alizopewa, na kazi yetu ni kuelewa kilionekanaje hivyo. Alafu tunasoma jedwali, mstari kwa mstari, kwa sauti, na aliyekuwepo ndo anasimulia mstari wake. Msianze kuchambua, msianze kupendekeza, kwanza hadithi iishe yote. Hapa ndo watu wanapopigwa na butwaa, kwa sababu karibu kila mtu anakuwa na kipande kimoja tu. Mtu wa majaribio hakujua kuhusu usajili wa miaka miwili iliyopita. Wa kastoma kea walijua kila kitu kuhusu namba mbili na hawakujua kama kuna jaribio.

Katikati ya usomaji lazima mtu atasema "lakini ilikuwa wazi". Mwache amalize, alafu mjibu kwa jedwali: ilikuwa wazi kwa nani, saa ngapi, kwenye skrini gani? Hii ya kuona mambo yalikuwa wazi ni tabia ya akili za watu wote, sio ubaya wa mtu. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha utafiti mwaka 1975 ambapo waliwauliza watu, kabla ya ziara za Rais Nixon kule Beijing na Moscow mwaka 1972, kila jambo lina uwezekano gani wa kutokea. Baada ya ziara wakawaambia wakumbuke walijibu nini. Watu wakakumbuka kwamba walikuwa wametabiri kwa uhakika zaidi yale yaliyokuja kutokea, kuliko walivyotabiri kweli. Yaani hata majibu yako mwenyewe akili inayarekebisha. Mimi huwa nakieleza kisa hiki kabla hatujaanza kusoma jedwali, alafu mtu akisema "ilikuwa wazi" wenzake wenyewe wanamkumbusha.

Neno la kulisikiliza ni "angepaswa", na ndugu zake "alishindwa", "hakujali", "uzembe". Kila likitoka liandike ubaoni alafu mligeuze pamoja. "Angepaswa kukagua" linaeleza dunia ambayo haikuwepo, halikuelezi alichofanya. Uliza: alifanya nini badala yake, na ni kitu gani kilifanya hicho kiwe na maana wakati ule? Mkikwama tumieni jaribio la kubadilisha mtu: mchukueni mtu mwingine mwenye ujuzi uleule na uzoefu uleule, mkalisheni kwenye kiti kile saa nane na nusu usiku mbele ya ile sifuri, angefanya tofauti? Kwenye chumba chetu watu watatu waliofanya kazi ya data walisema hapana, wangepiga picha ya skrini ileile. Chumba kikabadilika pale, ulisikia kabisa watu wanapumua.

Lipo na tatizo la upande wa pili ambalo watu hawalitegemei: mhusika anasimama na kujibebesha yote, "ni kosa langu jamani, tuendelee". Dada wa data alifanya hivyo dakika ya kumi. Inaonekana ya kiungwana na kila mtu anataka kuikubali kwa sababu inamaliza kikao, ila ukiikubali umefunga mlango. Nilimwambia nashukuru kwa kubeba sehemu yako, sasa tusaidie, tueleze ile ripoti ilivyokuwa inaonekana. Unamtoa kwenye kiti cha mshtakiwa unamweka kwenye kiti cha mtaalamu, kwa sababu kweli yeye ndo anayeijua ile ripoti kuliko mtu yeyote.

Mwishoni, mtu mmoja kimya kimya akatoa jambo ambalo halikuwa kwenye jedwali. Ripoti za kila wiki zilikuwa na rangi, kijani, njano, nyekundu, na kipande cha data kilikuwa kijani wiki zote. Akasema yeye alikuwa anajua jaribio la 2,000 halitoshi, ila ukiweka njano unaitwa kikao cha ziada cha Ijumaa jioni mbele ya wakubwa, na aliyewahi kuitwa alitoka huko amevunjika. Kwa hiyo watu wakajifunza kuweka kijani. Hilo lisingetoka kamwe kama bosi angekuwa amekaa pale.

Hatua ya 4: kutoka kwa mtu kwenda kwenye kazi inavyofanyika

Usitafute chanzo kimoja. Kwetu yalikuwa manne yaliyokutana: ripoti inayosema sifuri wakati 3,100 zimetupwa, mpango usio na namba ya kulinganisha, sampuli iliyochukuliwa kwa urahisi wa kutoa, na rangi ya njano yenye adhabu. Ungeondoa moja kati ya mawili ya mwanzo, tatizo lingeonekana kabla ya Jumatatu.

Sasa hatua za kurekebisha, na hapa niko mkali kweli. "Tuwe makini zaidi", "tuboreshe mawasiliano", "tukumbushane", hizo futa zote. Hizo ni lawama zimevaa nguo nyingine, maana zinasema tatizo lilikuwa umakini wa mtu. Pima kila pendekezo kwa swali moja: likifanyika, mtu aliyechoka, mgeni kazini, saa nane usiku, atakuwa salama zaidi hata kama hajakumbuka chochote? Za kwetu zilibaki tatu.

Ya kwanza, hesabu ya akaunti zilizotoka na zilizofika inalinganishwa na mashine, zikipishana hata moja kazi inasimama yenyewe. Usiku ule ingelinganisha 41,200 na 38,100 na kila mtu angejua kabla ya kulala. Ya pili, sampuli ya jaribio ichukuliwe kwa bahati nasibu kutoka miaka yote, itolewe usiku ili mfumo usigande. Hebu angalia hesabu yake: akaunti zenye shida zilikuwa 3,100 kati ya 41,200, kama 7 na nusu kwa kila 100, kwa hiyo sampuli ya 2,000 iliyochanganywa vizuri ingeleta kama 150 zilizokataliwa. Huwezi kukosa kuziona 150, mradi hesabu inalinganishwa. Ya tatu, kikao cha Ijumaa kwa anayeweka njano kifutwe, na badala yake mkubwa amfuate aliyeweka njano amuulize anahitaji nini.

Tatu zinatosha, nne sawa. Nimeona ripoti zenye mapendekezo 22 na baada ya miezi sita limefanyika moja. Kila moja iwe na jina la mtu, tarehe, na namna ya kujua imefanyika. Hapo jina linaruhusiwa, maana ni jina la anayetengeneza. Na aliye na mamlaka ya jambo ndo alibebe: ile ya tatu haikupewa timu, ilipewa mkurugenzi mwenyewe, na akaikubali kwa shingo upande.

Kuna watu wataogopa kwamba kusema "ni mfumo" ni njia ya kila mtu kukwepa. Hofu hiyo ina msingi, nimeona vikao vinaisha kwa "mfumo ndo ulifeli" na hakuna anayebeba kitu, watu wanaondoka wakiwa wamefurahi bure. Dawa yake ni kwamba kila "mfumo" ugeuzwe kuwa kitu unachoweza kukinyooshea kidole, faili gani, sentensi gani kwenye mpango, kanuni gani ya nani. Mkishindwa kukinyooshea kidole hamjamaliza hatua ya 3, rudini.

Hatua ya 5: kuandika

Kurasa tatu au nne. Tumia vyeo, "mtaalamu wa data", sio majina, ingawa ndani ya timu wote wanajua ni nani, kwa sababu ripoti itasomwa na wageni miaka miwili baadaye. Ila cheo peke yake hakitoshi, sentensi yenyewe inaweza kumchinja mtu. "Mtaalamu wa data alishindwa kugundua akaunti zilizokataliwa" niliibadilisha ikawa "Ripoti ya upakiaji ilionyesha makosa 0, akaunti 3,100 zilizokataliwa ziliandikwa kwenye faili tofauti ambalo halikutajwa kwenye mpango kazi." Sentensi ya pili haijaficha kitu, tena ina habari nyingi zaidi.

Rasimu isomwe kwanza na wale waliokuwa karibu na tukio, siku mbili nzima kabla haijapanda juu, na wakisema sentensi fulani inawaumiza, kaeni mtafute pamoja ukweli uleule kwa maneno mengine. Usifute ukweli, badilisha pa kusimama.

Hatua ya 6: siku 60 baadaye

Rudi. Nusu saa inatosha. Angalia mambo matatu yamefanyika kweli, sio "yanaendelea". Alafu angalia kama lawama iliingia kwa mlango wa nyuma, maana mara nyingi inaingia kimyakimya: mtu hapewi kazi kubwa tena, haalikwi kwenye vikao, jina lake likitajwa watu wanaangaliana. Muulize faragha, "toka siku ile, kuna kitu kimebadilika kwako?" Ukikuta kimebadilika, nenda kwa bosi na ile ahadi aliyoiandika mkononi.

Dalili nzuri nayo ipo, ni rangi. Kwenye mradi uliofuata wa kampuni ileile, wiki ya pili tu, kulikuwa na njano mbili kwenye ripoti, na moja iliwekwa na dada wa data. Yeye ndo aliyepewa kuandika ule ulinganisho wa hesabu unaosimamisha kazi, na alikuwa ameweka njano kwa sababu kwenye jaribio lake la kwanza akaunti 4 hazikuwa zimefika na alitaka ajue ziko wapi kabla hajaendelea.